Floraidi katika maji ya visima vya pwani: elektrodi inahesabu nini, na kwa nini kirekebishi hakikwepeki

Tuchukue chupa mbili za maji kutoka Unguja. Ya kwanza imejazwa kwenye kisima cha katikati ya kisiwa, ambako maji ni matamu na sabuni hutoa povu bila taabu. Ya pili imetoka kwenye kisima cha pwani ya mashariki, hatua chache kutoka ufukweni, ambacho maji yake yana chumvichumvi kila mwaka mvua zinapochelewa. Tuseme kwamba chupa zote mbili zina kiasi kilekile cha floraidi, miligramu 0.70 kwa lita. Ukichukua elektrodi teule ya floraidi ukaitumbukiza moja kwa moja katika kila chupa, bila kuongeza kitu chochote, mita itakupa tarakimu mbili tofauti, na ile ya kisima cha pwani itakuwa ndogo kwa robo nzima au zaidi. Elektrodi haikuharibika, wala mpimaji hakukosea kusoma. Kifaa kimejibu kwa usahihi swali ambalo mpimaji hakukusudia kuliuliza.

Ncha ya elektrodi hii ni kipande cha fuwele ya lanthani floraidi, iliyotiwa kiasi kidogo cha yuropia ili ipitishe umeme vizuri zaidi. Ndani ya fuwele hiyo zimo nafasi tupu ambazo ioni za floraidi huzirukia moja baada ya nyingine, na karibu hakuna ioni nyingine inayoweza kupita humo. Upande wa ndani wa fuwele umo myeyusho wenye floraidi ya kiasi maalumu. Upande wa nje yako maji unayoyapima. Tofauti iliyopo baina ya pande mbili hujitokeza kama volti ndogo, ambayo mita huilinganisha na ile ya elektrodi rejeo na kuionyesha kwa milivolti. Elektrodi ya namna hii ilitangazwa mwaka 1966 na Martin Frant na James Ross, na miaka miwili baadaye watu haohao walichapisha njia ya kuitumia kwa maji ya kunywa pamoja na kirekebishi ambacho ndicho kiini cha makala hii.

Kinachosababisha volti hiyo ni utendaji wa ioni za floraidi, yaani sehemu ya ioni hizo iliyo huru kufanya kazi kwenye uso wa fuwele. Idadi yake yote ni jambo jingine. Mtu aliyewahi kupita soko la Darajani mkesha wa Idi ataelewa tofauti hiyo: watu waliotoka nyumbani kununua nguo ni walewale, lakini katika msongamano ule kila mmoja amezungukwa na wengine na hawezi kuufikia mlango wa duka kwa wepesi alionao siku ya kawaida. Mwenye duka akihesabu wateja kwa wanaofika mlangoni pake, atadhani wamepungua. Ndani ya maji yenye chumvi, ioni ya floraidi, ambayo ina chaji hasi, huzungukwa na wingi wa sodiamu, magnesiamu na kalsiamu zenye chaji chanya, na nguvu yake ya kujitokeza hupungua. Msongamano huo wa chaji ndio unaoitwa nguvu ya ioni. Katika maji matamu nguvu hiyo ni ndogo mno, na utendaji hukaribia kulingana na kiasi halisi. Katika maji yenye chumvi ya gramu tano au sita kwa lita, nguvu ya ioni hufika karibu na 0.1, na hapo utendaji wa floraidi hushuka hadi takriban asilimia 76 ya kiasi chake. Kwa hiyo miligramu 0.70 ya kisima chetu cha pwani itasomeka kama 0.53, na huo ni upungufu kabla hatujahesabu floraidi iliyokamatwa na magnesiamu.

Njia ya kuondoa tatizo hili inashangaza mwanzoni, kwa sababu mtu angetarajia kwamba dawa ya chumvi ni kuipunguza, ilhali hapa tunaiongeza. Ikiwa kila bika, liwe la maji matamu, la maji ya chumvichumvi au la myeyusho sanifu, litatiwa chumvi nyingi ya kiwango kimoja, basi ile chumvi kidogo iliyotoka kisimani haitabadilisha chochote cha maana, kama ndoo moja iliyomwagwa katika birika la msikiti lililojaa. Utendaji utakuwa bado ni mdogo kuliko kiasi halisi, lakini utakuwa mdogo kwa uwiano uleule kila mahali, na uwiano ulio sawa kila mahali hujifuta wenyewe katika hesabu.

Kirekebishi hicho, ambacho kwenye chupa za viwandani huandikwa TISAB, hutengenezwa maabara bila shida. Katika bika kubwa lenye takriban mililita 500 za maji yaliyokenekwa hutiwa mililita 57 za asidi ya asetiki isiyozimuliwa, gramu 58 za sodiamu kloraidi na gramu 4 za CDTA. Koroga hadi viyeyuke; CDTA ni mzito wa kuyeyuka na mara nyingi hausalimu amri mpaka asidi ianze kupunguzwa. Bika huwekwa katika beseni la maji baridi, kisha myeyusho wa sodiamu haidroksaidi wa molari 6 huongezwa polepole, huku ukikoroga na kutazama mita ya pH, mpaka pH ifike baina ya 5.0 na 5.5. Beseni la maji baridi si pambo, kwa kuwa mchanganyiko huu hupata joto kali. Ukishapoa, jaza maji yaliyokenekwa hadi lita moja. Kazi ya kumimina asidi ifanyike ndani ya kabati lenye feni ya kunyonya hewa, kwa sababu harufu yake inachoma pua na macho.

Kila kilichomo kina kazi yake. Chumvi na asetati ndizo zinazoleta ule msongamano mkubwa: baada ya kuchanganywa nusu kwa nusu na sampuli, nguvu ya ioni ya mchanganyiko huwa karibu na 0.9, na kisima chetu cha pwani huongeza humo takriban 0.05 tu. Asidi ya asetiki pamoja na asetati yake huishikilia pH mahali salama. pH ikishuka mno, floraidi hushikana na haidrojeni na kuwa asidi ya haidrofloriki, ambayo fuwele haiioni. Kwenye pH ya 3.2 hivi nusu ya floraidi imeshajificha namna hiyo, lakini kwenye 5.2 ni kama asilimia moja tu. pH ikipanda mno, ioni ya haidroksaidi, ambayo ukubwa wake unakaribia wa floraidi, huihadaa fuwele na kuongeza tarakimu isiyo ya kweli. Kwa maji ya visima vyetu vinavyochimbwa katika mwamba wa chokaa, ambayo pH yake kwa kawaida haiko mbali na 7 au 8, hatari hii ya pili ni ndogo kuliko vitabu vinavyoipa uzito. Ni ya kuogopwa zaidi na wanaopima maji ya magadi huko Bonde la Ufa, kama ya Ziwa Natroni.

CDTA nao hushughulikia kitu kingine kabisa. Alumini na chuma hupenda sana kuikamata floraidi, na floraidi iliyokamatwa haihesabiwi. CDTA huzikamata metali hizo kwa nguvu zaidi, na floraidi ikabaki huru. Visima vya Unguja na Pemba vinavyopita kwenye udongo mwekundu hutoa maji yenye tope jekundu baada ya mvua kubwa ya masika, na udongo huo una chuma na alumini. Sampuli ya namna hiyo isubiri hadi tope lishuke, kisha ipewe muda wa kukaa na kirekebishi kabla ya kupimwa.

Sasa tuje kwenye kalibresheni, ambako nimeona kazi nyingi nzuri zikiharibika. Elektrodi haina kipimo cha miligramu ndani yake. Ina milivolti tu. Maana ya milivolti hizo hutokana na mfululizo wa myeyusho sanifu ambao tumeutengeneza wenyewe, na kwa hiyo kosa lolote la mfululizo huo hurithiwa na kila sampuli itakayofuata.

Msingi wake ni sodiamu floraidi iliyokaushwa kwenye oveni kwa saa mbili kwenye nyuzi 110 na kuachwa ipoe mahali pakavu. Hapa visiwani, ambako hewa hulowanisha hata chumvi ya mezani, hatua ya kukausha isirukwe. Pima gramu 0.2210, iyeyushe katika chupa ya ujazo ya lita moja, na utapata myeyusho wenye miligramu 100 za floraidi kwa lita. Tarakimu hiyo inatokana na uzito wa sodiamu floraidi, 41.99, ukigawiwa kwa uzito wa floraidi peke yake, 19.00. Mtu anayepima gramu 0.1000 akidhani ndiyo miligramu 100 za floraidi amesahau kwamba zaidi ya nusu ya alichokipima ni sodiamu. Myeyusho huu uhifadhiwe katika chupa ya plastiki, na vipimo vyote vinavyofuata vifanyike katika mabika ya plastiki.

Kutoka hapo, mililita 10 zikizimuliwa hadi mililita 100 hutoa myeyusho wa miligramu 10 kwa lita. Kutoka huo wa pili, chukua kwa pipeti mililita 2, 5, 10, 20 na 50, kila moja katika chupa yake ya ujazo ya mililita 100, ujaze maji yaliyokenekwa hadi alama. Umepata mfululizo wa 0.2, 0.5, 1.0, 2.0 na 5.0. Kwa nini tano, na kwa nini hizi? Mfululizo lazima uzibane sampuli kutoka chini na juu. Kiwango kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani kwa maji ya kunywa hakizidi miligramu 1.5, na swali tunaloulizwa karibu kila siku ni kama kisima kiko chini au juu ya hapo. Mpimaji anayetumia myeyusho miwili tu, wa 1 na wa 10, kisha akatoa jibu la 0.3, amelirefusha jibu lake nje ya alichokipima. Tena ni upande mbaya wa kurefusha, kwa sababu kadiri unavyoshuka ndivyo elektrodi inavyoacha mstari wake na kuanza kupinda.

Kila myeyusho sanifu wa mililita 25 huchanganywa na mililita 25 za kirekebishi, na kila sampuli vivyo hivyo. Kwa kuwa vyote vimezimuliwa kwa nusu, hakuna haja ya kuzidisha mara mbili mwishoni, na anayezidisha hutoa jibu lililo mara mbili ya ukweli. Kosa lililo kinyume chake ni kutia kirekebishi katika sampuli na kukisahau katika myeyusho sanifu. Hapo jibu hushuka chini ya nusu, na kwa kuwa tarakimu ndogo za floraidi hazimshangazi mtu katika visiwa hivi, kosa hilo linaweza kupita bila kugunduliwa na yeyote.

Upimaji uanze na ulio mwepesi kwenda kwenye ulio mkolevu, huku kichanganyio cha sumaku kikizunguka kwa kasi ileile. Kipande cha sponji kiwekwe baina ya kichanganyio na bika, maana mota hupasha joto taratibu na joto hubadili milivolti. Subiri tarakimu itulie: dakika tatu kwa kawaida hutosha, lakini kwa myeyusho wa 0.2 ni vyema usubiri dakika tano au zaidi. Baina ya bika moja na jingine, suuza kwa maji yaliyokenekwa na uguse karatasi laini bila kusugua. Tuchukue tarakimu hizi kama mfano: 0.2 ilitoa milivolti 136.8; 0.5 ilitoa 113.8, 1.0 ilitoa 96.5; 2.0 ilitoa 79.0, na 5.0 ilitoa 55.6. Milivolti hushuka floraidi inapopanda, kwa sababu chaji ya floraidi ni hasi.

Ukichora milivolti dhidi ya kiasi chenyewe, utapata mkunjo usio na faida. Ukichora dhidi ya logi ya kiasi, utapata mstari ulionyooka, na kwa tarakimu hizo mstari ni huu:

```
E = 96.3 - 58.0 × log C
```

Tarakimu ya 58.0 ndiyo mteremko, na ndiyo ninayoitazama kabla sijagusa sampuli yoyote. Nadharia inasema kwamba kiasi kikiongezeka mara kumi, volti ishuke kwa milivolti 59.2 katika nyuzi joto 25. Mteremko ulio baina ya 54 na 60 unakubalika. Ukishuka chini ya hapo, mara nyingi uso wa fuwele umechafuka, na tiba yake ni ya kuchekesha kidogo: dawa ya meno yenye floraidi, tone dogo kwenye kitambaa laini, unaisugua fuwele kwa upole, kisha unasuuza kwa maji mengi sana hadi mabaki yote yatoke. Usipousuuza vya kutosha utakuwa unapima dawa ya meno. Tazama pia nafasi baina ya nukta. Kutoka 0.5 hadi 1.0 kiasi kimeongezeka mara mbili, na milivolti zimeshuka kwa 17.3, kutoka 1.0 hadi 2.0, zimeshuka kwa 17.5. Hatua hizo mbili zinafanana, kama inavyopasa. Kama moja ingekuwa 17 na nyingine 13, pipeti au chupa moja ya ujazo imekosewa, na mteremko wa jumla ungeweza kulificha kosa hilo.

Kisima chetu cha pwani, baada ya kutiwa kirekebishi, kinatoa milivolti 105.4. Toa 105.4 kutoka 96.3, gawa kwa 58.0, utapata hasi 0.157, kumi kwa kipeo hicho ni 0.70. Chupa ya kisima cha kati itatoa milivolti hizohizo. Hapo ndipo visima viwili vinaweza kuwekwa kwenye jedwali moja.

Inafaa kujua kila milivolti moja ina thamani gani. Kwa mteremko huu, kosa la milivolti moja hubadilisha jibu kwa asilimia nne. Kwa hiyo kuandika 0.698 ni majigambo, 0.70 inatosha, na hata sifuri hiyo ya mwisho ina shaka.

Ukubwa huo wa kosa nilijifunza siku moja ya kaskazi, umeme ulipokatika katikati ya kazi. Kipoza hewa kilizima, chumba kikapanda kutoka nyuzi 25 hadi zaidi ya 30, na umeme uliporudi niliendelea nilipoishia. Sampuli zilionekana za kawaida kabisa. Nilipourudia myeyusho wa 1.0, ambao nina desturi ya kuupima baada ya kila sampuli kumi, ulisoma 93.2 badala ya 96.5, yaani mstari wangu sasa ulikuwa ukiuita 1.13. Mteremko hubadilika kidogo tu kwa joto, kutoka 59.2 hadi 60.2 kwa nyuzi tano. Kilichohama zaidi ni mstari mzima, kwa sababu elektrodi zote mbili, na hasa rejeo, huathiriwa na joto. Kitufe cha kusahihisha joto kwenye mita hurekebisha mteremko peke yake, na ndiyo maana hakikunisaidia. Sampuli zote zilizofuata kipimo kizuri cha mwisho zilirudiwa, baada ya mabika yote kukaa pamoja mezani hadi yakawa na joto moja. Kwa kazi ya sasa, myeyusho wa ukaguzi ukihama zaidi ya milivolti mbili, narudia kalibresheni.

Limebaki swali la visima vile ambavyo bahari imeshaviingia kabisa. Maji ya bahari yana floraidi ya takriban miligramu 1.3 kwa lita, kwa hiyo kisima kinachochanganyika na bahari hukaribia tarakimu hiyo na hakiwezi kuivuka kwa sababu ya bahari peke yake. Kisima cha pwani kinachotoa 2 kinataka maelezo mengine. Lakini nguvu ya ioni ya maji ya bahari ni karibu 0.7, na magnesiamu yake hushikilia sehemu kubwa ya floraidi, na hapo ule mfano wa ndoo na birika haufai tena.

Njia ya kujua ni kuongeza floraidi inayojulikana na kuona kama inarudi yote. Katika bika lile lenye mililita 25 za sampuli na 25 za kirekebishi, ongeza mililita 0.25 za myeyusho wa miligramu 100. Umeongeza mikrogramu 25 katika mililita 25 za sampuli, sawa na miligramu 1.0 kwa lita. Kisima chetu kilichosoma 105.4 sasa kinasoma 83.4, ambayo kwenye mstari ni 1.67, na ukisahihisha ujazo ulioongezeka ni 1.68. Ukitoa 0.70 ya mwanzo, kilichorudi ni 0.98 kati ya 1.00. Kisima hicho kinaaminika kwa mstari huu. Kikirudisha 0.85, chumvi yake imeushinda uwezo wa kirekebishi, na sampuli hiyo izimuliwe kwa maji yaliyokenekwa na kupimwa upya, au itengenezewe mfululizo wake wa myeyusho sanifu katika maji yenye chumvi ya kiwango kilekile.